Mtego wa radi, SPD, friji gadi au kuchomoa plagi: kipi kinakufaa wewe?

Msimu wa mvua ukianza huku kanda ya ziwa swali ni lilelile, nina hela ya kitu kimoja tu, nifunge mtego wa radi juu ya bati, au ile SPD, kikinga cha mshtuko wa umeme cha kwenye boksi la breka, au friji gadi inatosha? Na kuna wale wa achana na yote hayo, chomoa plagi ukalale. Shida ni kwamba watu wanavilinganisha kwa bei kana kwamba vinafanya kazi moja, kumbe kila kimoja kina kazi yake na ukikosea unakuwa umenunua kinga ya ugonjwa usio wako.

Kwa kifupi iko hivi. Mtego unalinda jengo, lisipasuke wala lisiwake moto, na waliomo ndani wasipigwe. SPD inalinda vitu vilivyochomekwa ukutani. Friji gadi inalinda dhidi ya umeme wa mtaani unaopanda na kushuka, radi siyo kazi yake. Kuchomoa plagi kunalinda kile ulichochomoa basi, ila kwa hicho hakuna kinachoshinda.

Tuchukue nyumba moja ili tusiongee hewani. Iko Muleba au Sengerema huko, tofali za kuchoma, bati geji 30, urefu mita 12, kofia ya paa iko mita 4 kutoka chini, umeme unaingia kwa waya wa juu kutoka kwenye nguzo, dishi liko juu ya bati, uani kuna mwembe mkubwa na nyuma kuna mnara wa simu kama mita 80. Ndani kuna friji, tivii, king'amuzi, rauta na chaji za simu. Nyumba za hivi ziko nyingi tu.

Radi inaingiaje hapo

Radi inaweza kupiga nyumba yenyewe, hiyo ndo watu wanaiogopa na ndo ya nadra zaidi kwa nyumba moja moja. Inaweza kupiga waya wa umeme au karibu na waya, hata kilomita moja kutoka kwako, umeme mkubwa ukasafiri na laini mpaka kwenye soketi zako, na hii ndo inaua tivii na rauta nyingi. Halafu inaweza kupiga mwembe au ardhi, umeme ukasambaa chini.

Ukishaelewa hivyo utaona mtego hauna la kufanya na ile ya pili. Mtu ana mtego mzuri kabisa juu ya paa, radi inapiga nguzo mtaa wa tatu, king'amuzi kinakufa, anasema mtego ni wizi. Mtego haujakosea kitu, haukuwa barabara hiyo.

Mtego wa radi

Mtego hauzuii radi isije wala hauivuti kutoka mbali, unachofanya ni kuipokea na kuipa njia fupi ya kwenda chini. Una sehemu tatu, fimbo juu, waya mnene wa kushuka, na ethi (yale machuma ya shaba yanayozikwa ardhini). Ikikosekana moja hizo nyingine ni mapambo.

Hapa kwenye fimbo watu wanadanganywa sana. Mafundi wengi wanaweka fimbo moja ya mita 2 katikati ya kofia ya paa wanaondoka. Wataalamu wanaofuata kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, wanapima kwa kufikiria mpira mkubwa sana, nusu kipenyo chake mita 45 kwa ulinzi wa daraja la tatu, unaviringishwa juu ya eneo lako lote, kila sehemu mpira unapogusa radi inaweza kupiga, na pale usipofika ndo umelindwa. Fimbo ya mita 2 juu ya paa la mita 4, ncha yake iko mita 6. Ukipiga hesabu ya huo mpira, kwenye usawa wa kofia ya paa unalindwa kama mita 3.9 tu kila upande. Nyumba yetu ina mita 12, yaani kutoka katikati mpaka mwisho ni mita 6. Kwahiyo mita 2 za kila mwisho ziko nje, na radi inapenda hizohizo ncha na pembe. Dawa ni fimbo mbili za mita 2, kila moja mita 3 kutoka katikati, au moja ya mita 4 ambayo inafika mita 7 hivi. Tofauti ya gharama hapo ni ndogo, ila fundi asiyejua mpira hawezi kukuambia.

Na huohuo mpira unajibu lile suala la mnara wa simu. Watu wanasema mimi niko karibu na mnara, nimekingwa. Hata mnara uwe mrefu kiasi gani, kwa mpira wa mita 45 ulinzi wake chini hauvuki mita 45, na kwenye usawa wa paa la mita 4 unabaki kama mita 26. Nyumba yetu iko mita 80, mnara haujui hata kama ipo.

Wapo watakaokuletea fimbo yenye kichwa kinene kama taa, wanasema inalinda duara la mita 80 au 100 peke yake. Zina kiwango chao cha Ufaransa kinachozikubali, lakini IEC 62305 haizipi hiyo sifa ya ziada, na wanasayansi wengi wa radi wanasema zinafanya kazi sawa na fimbo ya kawaida ya urefu uleule. Mimi hela hiyo ningeiweka kwenye fimbo mbili za kawaida na ethi nzuri.

Bati lenyewe je? Ni chuma, si linatosha? Kiwango kinakubali bati liwe mpokeaji kama lina unene wa nusu milimita au zaidi na hujali likitoboka. Geji 30 haifiki hapo. Na hata lingefika, bati lililokaa juu ya mbao bila waya wa kushuka, radi itajitafutia yenyewe njia ya chini, kupitia ukuta, nyaya za taa, au mtu aliyeegemea mlango.

Sasa kinachoharibika. Cha kwanza ni wizi, waya wa shaba unashuka nje ya ukuta wa shule, likizo inaisha wanafunzi wanarudi fimbo iko juu na waya hakuna. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na mtego, kwasababu umeweka kitu kirefu juu ya paa kisicho na pa kupeleka umeme. Ndo maana sehemu nyingi ni bora kutumia aluminiamu au chuma cha mabati kwa kushukia, ilimradi usiuzike aluminiamu ardhini maana inaliwa, na mita 2 za chini uzipitishe kwenye bomba la plastiki gumu. Cha pili ni kona kali, waya wa kushuka ukikunjwa kama herufi U kupita ukingo wa paa radi inaruka hiyo kona badala ya kuifuata. Cha tatu ni ethi, nayo nitaileta peke yake.

SPD

Hiki ni kidude kama breka, kinakaa kwenye boksi la breka, kina kidirisha kidogo cha kijani. Ndani kina kitu ambacho kwenye umeme wa kawaida wa volti 230 kimetulia tu, volti zikipanda ghafla kinafunguka na kumwaga umeme kwenye ethi, kisha kinajifunga, yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara elfu nyingi.

Ziko za aina, angalia ubavuni imeandikwa T1, T2 au T3. T1 inavumilia radi yenyewe ikipita, T2 inavumilia yale mabaki yanayosafiri na laini, T3 ni ndogo ya kukaa karibu na kifaa. Nyumba isiyo na mtego T2 inafaa mara nyingi. Ukiweka mtego lazima uongeze T1 pale umeme unapoingia, sababu radi ikishuka kwenye mtego wako sehemu kubwa yake inatafuta njia ya kutoka kupitia nyaya za umeme, tena kutoka ndani kwenda nje. Kuna T1+T2 kwenye kifaa kimoja, ndo nyepesi zaidi kufunga.

Kitu ambacho hakisemwi ni urefu wa nyaya za hiyo SPD. Fundi mzuri wa macho anakata nyaya ndefu, anazipinda vizuri pembeni ya boksi, zinapendeza. Radi haipendi urembo. Kwa kasi ambayo umeme wa radi unapanda, kila mita moja ya waya inaongeza kama volti 1000. SPD yako imeandikwa Up 1.5 kV, maana yake inabakiza volti 1500. Nyaya za kwenda na kurudi zikiwa jumla mita moja na nusu umeongeza 1500 nyingine, vitu vyako vinapata 3000. Friji na vyombo vya kawaida vya nyumbani vinatengenezwa kuvumilia 2500, vya kielektroniki laini 1500. Kwahiyo SPD imefanya kazi, kidirisha kijani, friji imekufa. Nyaya zote jumla zisivuke nusu mita, hata kama boksi litaonekana baya, na waya wa ethi wa T2 usiwe chini ya milimita mraba 6, wa T1 16.

Kidirisha kikigeuka chekundu au kijani kikipotea, imekufa ikikulinda, badilisha. Umeme utaendelea kuwaka kama kawaida na taa hazitazima ndo maana watu wanakaa miaka na SPD mfu. Kagua kila baada ya mvua kubwa za radi.

Na SPD haiwezi kulinda mlango usiopitia kwake. Waya wa dishi unaingia moja kwa moja kwenye king'amuzi, halafu waya wa picha unakwenda kwenye tivii, umeme wa radi unapita hapo bila kugusa boksi la breka. Kuna vikinga vidogo vya waya wa dishi vinavyounganishwa na ethi hiyohiyo ya nyumba, na dishi lenyewe liunganishwe na ethi. Wenye sola, paneli ziko juu ya bati, mnahitaji SPD ya umeme wa DC upande wa paneli, ile ya AC haiwezi kuchukua nafasi yake.

Friji gadi, stabilaiza na wenzake

Friji gadi inapima volti, zikishuka au kupanda kupita kiasi inakata, umeme ukirudi inasubiri dakika chache ndo inaruhusu ili kompresa isife. Ni kitu kizuri na ningekinunua kwa ajili ya umeme wetu wa kukatika katika. Lakini inakata kwa kufungua kontakti, na hiyo inachukua sehemu kadhaa za elfu za sekunde, wakati mshtuko wa radi kwenye waya unaisha ndani ya sehemu za milioni za sekunde. Gadi inakuja kukata maiti. Tena pengo la kontakti iliyofunguka ni milimita chache, radi iliyoruka kilomita kutoka mawinguni inaruka hapo. Hii ndo sababu pia kuzima swichi ya soketi sio kuchomoa, toa plagi yenyewe na uiweke mbali na ukuta.

| | Radi ikipiga nyumba | Mshtuko kupitia waya wa umeme | Umeme kupanda na kushuka |
|---|---|---|---|
| Mtego | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| SPD T2 | Hapana | Ndiyo, ikifungwa vizuri | Hapana |
| Friji gadi | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Kuchomoa | Hapana | Ndiyo, kwa kilichochomolewa | Ndiyo |

Ethi, ambayo wote wanaitegemea

Radi ya kawaida ni kama ampia 30,000. Ethi yako ikiwa na omu 10, ambazo ndo wanazolenga wengi, zidisha, unapata volti 300,000 kwenye chuma hicho kwa muda huo mfupi. Sasa fundi wa mtego anachimba ethi yake upande huu na fundi wa umeme alishachimba yake upande ule, hazijaunganishwa. Moja iko volti 300,000, nyingine karibu sifuri, zote ziko kwenye nyumba moja, radi itaruka katikati yake na katikati ndo pana friji na pana wewe. Ziunganishwe ardhini kwa waya mnene, ziwe moja, nyumba nzima ipande pamoja na kushuka pamoja. Fundi akikuambia ethi ya radi lazima itengwe kabisa na ya umeme, tafuta mwingine.

Lile la kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la ethi, linashusha omu siku ya kupima na kila mtu anafurahi, halafu mvua inaosha chumvi na iliyobaki inakula chuma. Kama udongo wako ni mawe ongeza chuma cha pili mbali na cha kwanza angalau kwa urefu wa chuma chenyewe, au tumia udongo wa bentonaiti. Na apime mbele yako kwa mashine ya kupimia ethi, sio kwa balbu.

Na watu je, wapi pa kukimbilia?

Hapa nako kuna kulinganisha, na makosa yake yanaua. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa 3 unapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30 uwe tayari ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwembe ni mbaya kuliko kulowa. Wengi hawapigwi moja kwa moja, radi inapiga mti halafu inaruka pembeni kumfuata mtu, au inatambaa ardhini na kupanda mguu mmoja kushuka mwingine, ndo maana ng'ombe wanakufa wengi kwa mpigo, miguu yao ya mbele na nyuma iko mbali. Kibanda cha nyasi, kibanda cha soko, hema, banda la bati lisilo na kuta, vyote vinakukinga mvua tu. Novemba 2024 huko Palabek, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa ibada chini ya banda la chuma. Na darasa lisilo na mtego sio salama kwasababu tu lina kuta, shule ya Runyanya, Uganda pia, Juni 2011 wanafunzi 18 na mwalimu walifia darasani.

Gari lenye bodi ya chuma na vioo vimefungwa ni pazuri sana, na si kwasababu ya matairi, ni kwasababu umeme unapita kwenye bodi ya nje. Bodaboda na bajaji hazina hiyo bodi. Nyumba ya tofali yenye nyaya na mabomba ni nzuri pia mradi ukae katikati ya chumba, usioge, usifue bombani, usiegemee ukuta wenye nyaya, na usiongee na simu iliyo kwenye chaji. Simu isiyo kwenye chaji haina shida, wala nguo nyekundu, wala kioo usichokifunika. Wavuvi wa dagaa ndo nawaonea huruma, ziwa Viktoria linapigwa radi zaidi usiku na mtumbwi hauna pa kujificha, hapo kinga ni kuangalia anga kabla ya kutoka.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse. Kama hapumui anza kumkandamiza kifua palepale, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mtu mwingine anaita gari.

Nani anunue nini

Nyumba yetu ile ya Muleba, kama hela ni ya kitu kimoja, mimi ningeanza na ethi kupimwa na kurekebishwa kisha T1+T2 yenye nyaya fupi, maana umeme unakuja kwa waya wa juu na hatari inayoitembelea kila msimu inapita hapo. Mtego ungefuata baadaye. Ningebadilisha mpangilio huo kama nyumba iko peke yake kwenye kilima, ni ya ghorofa, imeezekwa nyasi, au ni shule, kanisa, msikiti, zahanati, sehemu yoyote wanakokusanyika watu wengi, hapo mtego kwanza na T1 yake palepale, tivii zisubiri.

Mpangaji wa chumba kimoja hana ruhusa ya kugusa boksi la breka, yeye achomoe, na waya wa dishi auchomoe nyuma ya king'amuzi pia, kabla ngurumo hazijakaribia, sio radi ikishakuwa juu ya paa maana wakati huo kushika plagi ndo hatari yenyewe. Akitaka ekstensheni yenye kinga aangalie kwanza soketi yake ina ethi kweli, nyumba nyingi za kupanga tundu la juu la soketi lipo ila nyuma yake hakuna waya. Zile ekstensheni nzuri zina taa ndogo inayoonyesha ethi, isipowaka ukiichomeka hapo basi umenunua ekstensheni ya kawaida kwa bei kubwa.